Spika mpya inakwama kwenye kuunganisha

"Apu inaiona spika, nikigusa kuunganisha inazunguka weee halafu inasema imeshindwa. Waifai ya nyumbani iko poa."

Mambo vipi mkuu. Kabla hujagusa ruta, zima kwanza data ya simu, na VPN kama unayo. Spika nyingi mpya zinawasha waifai yao ndogo ya muda, simu inaingia humo ili iipe spika jina na nywila ya waifai yako, sasa ile haina intaneti kwa hiyo simu ikishtukia hilo inarudi kwenye data kimyakimya na zoezi linakatika katikati. Yangu ilinitesa jioni nzima mpaka nikaona alama ya data inarudi juu ya skrini sekunde chache baada ya kugusa kuunganisha. Nilipoizima, simu ikauliza kama nibaki kwenye mtandao usio na intaneti, nikakubali, ikapita.

Ikivuka hapo halafu ikagoma baada ya kuweka nywila, hilo ni jambo lingine, angalia kama ruta inarusha 5 GHz tu, maana spika kibao zinashika 2.4 GHz peke yake. Iwashe hiyo 2.4, riseti spika, anza upya.