Mnana wa Dunga

"Jamani, nipeni kahadithi ka mnyama mdogo anayejiandaa kulala. Wangu ana miaka 2, nikimsimulia ndiyo kwanza anachangamka!"

Dada, huku Kisumu namsimulia wangu hii:

Jua limezama Dunga. Mafunjo yanayumba, pole pole. Mnana mdogo anakunja bawa moja.
Yumba, yumba, kiota. Lala, mnana, lala.

Mitumbwi imerudi ufuoni. Ngege wametulia majini. Mnana mdogo anakunja bawa la pili.
Yumba, kiota. Lala, mnana, lala.

Mama amefika. Kifua chake kina joto. Mnana mdogo anaficha mdomo manyoyani.
Yumba… lala.

Jicho moja, fumba. Jicho la pili, fumba.
Lala.

Umeona kiitikio kinavyopungua? Kila ukikirudia, shusha sauti na umpapase mgongo kwa mwendo uleule. Mwishoni nong'ona tu. Na usimuulize "ndege analiaje?" maana atakuonyesha, na usingizi umekwisha.

Mume wangu alimbadilisha mnana akaweka kiboko, eti mtoto anampenda. Kweli anampenda, lakini kiboko usiku ndio hutoka majini kula nyasi, basi baba akaishia kunguruma na mtoto akasimama kitandani.

Mama mkwe yeye anasema hadithi moja kila usiku inachosha. Inamchosha mkubwa. Wangu nikiruka bawa la pili ananirudisha. Ila siku akilala mchana hadi saa kumi na moja, hata mnana hasaidii.