Ghazali isiyo na kisa hujengaje hisia?

SWALI: Nimesoma tafsiri ya ghazali ya Mirza Ghalib, mshairi wa Kiurdu, ile inayoanza kwa kusema hakuna tumaini linalotimia. Ubeti mmoja ni wa usingizi, mwingine wa kicheko, mwingine wa Kaaba. Mbona hauungani? Hisia inajengwa wapi?

JIBU: Ghazali ni shairi la beti za mishororo miwili miwili, na hisia yake inajengwa mwishoni mwa kila ubeti, hapa kwenye maneno *nahin ati*, yaani "haiji". Marudio hayo huitwa radifu, na kabla yake huja kina kinachobadilika: *bar*, *nazar*, *bhar*, *par*. Tafsiri yako imekuficha hilo, kwa kuwa Kiswahili hufuata ngeli: usingizi hauji, kicheko hakiji, habari haziji. Katika Kiurdu nomino zote hizo ni za kike, kwa hiyo sikio hupigwa na sauti ile ile kila mara.

Ubeti wa kwanza huifunga mishororo yote miwili kwa radifu, na hapo msikilizaji huijua ahadi. Kuanzia wa pili, mshororo wa kwanza huachwa wazi. Ghalib anasema: "Kifo kina siku yake iliyopangwa." Kwenye mushaira, yaani mkutano wa kusomeana mashairi, msomaji huurudia mshororo huo huku watu wakingoja, wanajua "haiji" inakuja, hawajui ni nini kisichokuja. Ndipo anafunga: "Mbona basi usingizi hauji usiku kucha?" Hajataja hofu popote. Wewe ndiye uliyeiweka kati ya mishororo miwili, na ndiyo maana ubeti huo unasimama peke yake hata ukiukata ukausoma bila mwenziwe.

Sasa chukua kalamu, andika kando ya kila ubeti kitu ambacho hakiji. Tumaini. Usingizi. Kicheko: zamani hali ya moyo wake ilimchekesha, sasa hakuna linalomchekesha. Kisha habari zake mwenyewe, maana yuko mahali ambapo hata yeye hajui yuko vipi. Karibu na mwisho radifu inagongana na kinyume chake ndani ya mshororo mmoja: "Kifo chaja, ila hakiji."

Halafu unakuja ubeti wa mwisho, unaobeba jina la mshairi: "Utakwenda Kaaba kwa uso gani, Ghalib? Ila haya haikujii." Hadi hapo neno lile lilikuwa malalamiko ya mtu aliyenyimwa. Hapa linamgeukia, kwa kuwa kinachokosekana ni haya yake mwenyewe. Bila beti zile zilizotangulia, shutuma hiyo ingekuwa nyepesi. Kwangu, hapo ndipo ghazali nzima inapolipa.

Mpangilio wa beti za katikati hauna uzito huo; waimbaji huziruka baadhi na shairi likabaki zima. Usizitafutie kisa. Zipo pia ghazali zisizo na radifu, zenye kina tu, na nyingine chache ambazo beti zake hufuata wazo moja mfululizo. Hizo zisome kama ulivyozoea.