Gharama ya wastani ya mtaji kwenye mtihani: kodi inapunguza gharama ya deni tu, haigusi hisa za upendeleo

Gharama ya wastani ya mtaji ni asilimia ambayo kampuni inawalipa kwa wastani wenye hisa na wakopeshaji wake, na swali lake lina hesabu chache. Kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, basi. Hata hivyo wanafunzi wengi wa fedha hapa Lubumbashi hupoteza alama ndani yake, na mara nyingi si kwa sababu ya kalkuleta. Wanaweka kodi mahali ambapo haipo, au wanaiweka mara mbili. Karatasi za Kifaransa huiita CMPC na vitabu vya Kiingereza WACC, lakini ni kitu kimoja.

Tuchukue swali la mfano na tulimalize hadi mwisho. Kampuni ya malori inabeba mizigo kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa. Ina hisa za kawaida 2,000,000 zenye thamani ya jina ya dola 1, na akiba ya dola 2,000,000. Kila hisa inauzwa dola 3.30, na gawio la dola 0.30 liko karibu kulipwa. Magawio hukua kwa 4% kila mwaka. Ina pia hisa za upendeleo 150,000 za 10%, thamani ya jina dola 10, bei ya soko dola 8. Mwisho, ina deni la hatifungani za 9% zenye thamani ya jina ya dola 2,000,000. Kila dola 100 inauzwa dola 90, na zitarudishwa kwa dola 100 baada ya miaka 5. Kodi ya faida ni 30%, kiwango kilekile kinachotozwa makampuni hapa Kongo.

Kabla ya kugusa kalkuleta, jiulize kodi inakatwa wapi. Tuseme faida ya kampuni hii kabla ya riba na kodi ni dola 1,500,000. Riba ya mwaka ni 9% ya 2,000,000, yaani 180,000. Riba ni gharama ya biashara, kwa hiyo inatolewa kwanza na kodi inahesabiwa juu ya 1,320,000: dola 396,000. Kama kusingekuwa na deni, kodi ingekuwa 450,000. Tofauti ni dola 54,000, ambayo ni 30% ya 180,000. Hiyo ndiyo kinga ya kodi. Ni fedha halisi inayobaki mfukoni mwa kampuni, na ndiyo maana tunapunguza gharama ya deni.

Sasa angalia hisa za upendeleo. Gawio lake ni dola 1 kwa hisa, jumla 150,000. Linalipwa kutoka dola 924,000 zinazobaki baada ya kodi. Likilipwa au lisilipwe, kodi inabaki 396,000 ileile. Hakuna senti iliyookolewa. Jina la hisa hizi ndilo linalowapotosha watu, kwa sababu zina asilimia isiyobadilika kama mkopo, na jicho linaona "10%" likadhani ni riba. Ni gawio, na gawio ni mgawanyo wa faida iliyokwisha kutozwa kodi. Katika sheria ya makampuni ya OHADA, ambayo Kongo imo tangu 2012, hisa za upendeleo ziliingizwa na marekebisho ya 2014 zikiwa aina ya hisa, wala si aina ya mkopo. Ukikumbuka kwamba ni hisa, hutazidisha kwa 0.7, yaani 1 ukitoa kodi ya 30%.

Tuanze na hisa za kawaida. Bei ya dola 3.30 ina gawio ndani yake, kwa sababu atakayenunua leo atalipokea hilo la 0.30. Fomula ya ukuaji inataka bei bila gawio, kwa hiyo toa kwanza: 3.30 − 0.30 = 3.00. Gawio la mwakani ni 0.30 × 1.04 = 0.312. Gharama yake ni 0.312 ÷ 3.00 + 0.04 = 14.4%. Anayesahau kutoa gawio anapata karibu 13.5%, na pia anaipa hisa uzito mkubwa kuliko haki yake, kwa sababu bei hiyohiyo inarudi kwenye uzito. Kosa moja, madhara mawili. Maneno ya kutafuta kwenye swali ni "gawio liko karibu kulipwa". Ukikuta "gawio limetoka kulipwa", bei iachwe ilivyo.

Hisa za upendeleo ni rahisi: dola 1 kwa mwaka bila kikomo, gawanya kwa bei ya soko. 1 ÷ 8 = 12.5%. Asilimia 10 ya kwenye jina inatumika kupata gawio tu, yaani 10% ya dola 10. Kuandika 10% kama gharama ni kusema wawekezaji wa leo wanaridhika na 10%, wakati bei ya dola 8 inaonyesha wanadai zaidi.

Kwenye hatifungani ndipo pa kutulia, kwa kuwa alama nyingi zinalala hapo. Kama deni lisingekuwa na tarehe ya kurudishwa, tungefanya 9 × 0.7 ÷ 90 = 7% na kuendelea. Lakini hili linarudishwa kwa dola 100 wakati leo linauzwa 90, na hizo dola 10 za ziada ni sehemu ya gharama. Unahitaji kiwango cha marejesho cha ndani, yaani kile kinachofanya thamani ya leo ya malipo yote ilingane na bei ya 90. Andika mtiririko wa dola 100 moja ukiweka kodi kwenye riba peke yake: leo 90, kila mwaka kwa miaka 5 dola 9 × 0.7 = 6.30, na mwaka wa 5 dola 100.

Jaribu 8%. Jedwali la thamani ya leo linatoa 3.993 kwa malipo ya kila mwaka na 0.681 kwa malipo ya mwisho: 6.30 × 3.993 = 25.16, na 100 × 0.681 = 68.10. Jumla 93.26, ukitoa 90 inabaki +3.26. Jaribu 10%: 6.30 × 3.791 = 23.88, na 62.10. Jumla 85.98, ukitoa 90 unapata −4.02. Jibu liko kati ya hizo mbili: 8 + 2 × 3.26 ÷ (3.26 + 4.02) = 8.9%.

Wengi hufupisha njia. Wanatafuta kiwango kabla ya kodi kwa kutumia 9 badala ya 6.30, wanapata karibu 11.8%, kisha wanazidisha kwa 0.7 na kuandika 8.3%. Njia hiyo inaipa kinga ya kodi hata ile dola 10 ya ziada mwishoni, kana kwamba nayo ni riba. Kwenye swali la kawaida la mtihani, kinga iko kwenye riba tu, kwa hiyo 8.9% ndiyo sahihi. Ufupisho huo unakubalika pale bei ya soko inapolingana na kiasi kitakachorudishwa, kwa sababu hapo hakuna ziada. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: ukishapata 8.9% kwa kutumia 6.30, usiizidishe tena kwa 0.7. Kodi imekwisha kuingia. Anayeizidisha anapata 6.2%. Mazoea mazuri ni kuandika maneno "baada ya kodi" kando ya 8.9% kwenye karatasi ya majibu. Yanakulinda wewe, na msahihishaji anaona kwamba unajua ulichofanya.

Uzito unatoka kwenye thamani ya soko. Hisa za kawaida: 2,000,000 × 3.00 = 6,000,000. Upendeleo: 150,000 × 8 = 1,200,000. Deni: 2,000,000 × 90 ÷ 100 = 1,800,000. Jumla 9,000,000. Ile akiba ya dola 2,000,000 haiongezwi. Wenye hisa ndio wenye akiba, na bei ya 3.00 imekwisha kuihesabu ndani yake. Akiba huwekwa kwenye swali mara nyingi ili kupima jambo hilo hasa.

Kwa hatua ya mwisho, badala ya kukokotoa asilimia za uzito na kuzikata desimali, zidisha dola moja kwa moja:

```
CMPC = (E × ke + P × kp + D × kd) / (E + P + D)

E: 6,000,000 × 14.4% = 864,000
P: 1,200,000 × 12.5% = 150,000
D: 1,800,000 ×  8.9% = 160,200
Jumla                = 1,174,200

1,174,200 / 9,000,000 = 13.05%
```

Herufi kd hapa ni ile ya baada ya kodi. Karatasi nyingine zinaandika kd × (1 − t) ndani ya fomula, na hapo t ni kiwango cha kodi na kd ni ya kabla ya kodi. Soma vizuri ni ipi uliyonayo, maana kuchanganya hizo mbili ndiko kunakoleta kodi mara mbili. Kumbuka pia kwamba karatasi ya Kifaransa itaandika 3,30 kwa mkato, na kalkuleta inataka nukta.

Kabla ya kugeuza ukurasa, pitisha macho mara mbili. Jibu lazima liwe kati ya gharama ndogo kabisa na kubwa kabisa, hapa kati ya 8.9 na 14.4, na lisogee upande wa hisa za kawaida kwa kuwa zina theluthi mbili za mtaji. Halafu angalia mpangilio: deni chini, upendeleo katikati, hisa za kawaida juu, kwa sababu mwenye deni hulipwa kwanza na mwenye hisa za kawaida hulipwa mwisho. Kama upendeleo umeshuka chini ya deni, kuna uwezekano mkubwa umeukata kodi: 12.5 × 0.7 ni 8.75%, chini ya 8.9%, na CMPC inashuka hadi 12.55%. Nusu asilimia inatosha kukubali mradi uliopaswa kukataliwa, pale swali linapokutaka upime mradi kwa CMPC hiyo.

Kuna sentensi moja ambayo ikionekana kwenye swali inabadilisha yote: "kampuni ina hasara na haitalipa kodi kwa miaka ijayo". Kinga inafanya kazi pale tu penye kodi ya kupunguzwa. Hapo riba ni 9 kamili, gharama ya deni ni 11.8%, na mstari wa D unakuwa 212,400. Jumla inapanda hadi 1,226,400, na jibu ni 13.63%.