Slaidi saba za leso: nilivyojifunza kupanga karuseli inayosomwa hadi mwisho

Ami yangu anauza leso Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, na mimi ndiye ninayemtengenezea posti za Instagram. Karuseli ya kwanza niliyomtengenezea, yaani posti moja yenye slaidi kadhaa za kupitisha kwa kidole, iliitwa "Mambo 10 Unayopaswa Kujua Kuhusu Leso". Niliipamba kwa picha nzuri, nikaiposti Ijumaa jioni, na kufikia Jumapili hakuna aliyeihifadhi wala kumtumia mwenzake. Ami aliniuliza, "Mwanangu, hawa watu wamesoma au wamepita tu?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikalitafuta. Nilimpa simu binamu yangu pale dukani, nikamwambia aisome kama anavyosoma posti yoyote, nami nikawa natazama kidole chake. Slaidi ya kwanza alikaa kidogo. Ya pili akapita, ya tatu akapita, ya nne akarudi nyuma kuangalia kitu, kisha akaiacha. Nilipomuuliza amekumbuka nini, akanitajia rangi ya mandhari.

Jaribio hilo ndilo ninalolitumia hadi leo. Mpe mtu simu, nyamaza, tazama kidole. Pale kidole kinaporudi nyuma, msomaji amepotea. Pale kinapoongeza kasi, umemchosha.

Nikaivunja karuseli yote na kuipanga upya, na hapa nitaeleza nilichobadilisha na kwa nini.

Nilianza na slaidi ya kwanza, ambayo mimi huiita ndoano. "Mambo 10 ya kujua kuhusu leso" hamna mtu ndani yake, wala hamna siku. Anayeiona akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, simu mkono mmoja na mfuko wa Marikiti mkono wa pili, hana sababu ya kusimama. Anajua leso ni nini, ameziona tangu utotoni. Nikakaa na ami nikamuuliza: ni jambo gani huwarudisha wateja dukani wakiwa wamefadhaika? Akajibu bila kufikiri, "Jina." Watu huchagua leso kwa rangi, wanafungiwa, wanaondoka, na maandishi wanayasoma baada ya kuitoa zawadi. Alimkumbuka bwana mmoja aliyempelekea mama mkwe leso yenye jina "Mdhaniaye ndiye siye". Ilibidi bwana yule ajieleze kwa muda mrefu.

Ndoano ikawa hii:

"Umemnunulia mkweo leso. Umeisoma?"

Maneno manne tu. Ndani yake mna mtu unayemheshimu, mna tendo ambalo huenda umelifanya wiki iliyopita, na mna swali ambalo jibu lake linakutia wasiwasi kidogo. Chini yake, kwa herufi ndogo, niliandika: "Vitu 5 vya kuangalia kabla hujalipa." Idadi inabaki, kwa sababu msomaji anataka kujua safari ni ya urefu gani, lakini idadi peke yake haimshiki mtu.

Kuna sharti moja la ndoano ambalo wengi wanalivunja: lazima swali lijibiwe ndani ya karuseli ileile. Ukimtisha mtu kwa jina la leso halafu ukamweleza uzito wa kitambaa tu, ameshadanganywa, na hatarudi. Mimi jibu nililiweka kwenye kipengele cha mwisho. Hapo katikati, kila slaidi ilibidi imlipe msomaji kitu chake kamili, asione kama anacheleweshwa.

Slaidi ya pili nayo ina kazi ya ziada. Mtu akiipita karuseli yako bila kuifungua, Instagram huweza kumrudishia tena baadaye ikianzia slaidi ya pili. Kwa hiyo slaidi hiyo isiwe ya kukaribisha. Niliyokuwa nayo mwanzo ilisema "Leso ni vazi lenye historia ndefu katika pwani yetu", na anayekutana nayo kwanza haelewi ameingia wapi. Niliitoa, kipengele cha kwanza kikaanza papo hapo.

Sasa nije kwenye vipengele vyenyewe, ambavyo vilinichukua siku mbili. Vichwa vyangu vya kwanza vilikuwa hivi: "Ubora wa kitambaa", "Je, rangi inatoka?", "Usisahau kuangalia pindo", "Kusoma jina". Kila kimoja peke yake ni Kiswahili safi. Ukivipanga pamoja, kimoja ni jina la kitu, cha pili ni swali, cha tatu ni katazo, cha nne ni kitenzi kisichoamuru wala kueleza. Kila slaidi inamlazimu msomaji aanze upya kujua anaambiwa nini. Ndiyo sababu kidole cha binamu yangu kilirudi nyuma.

Jaribio la pili lilikuwa kuvifanya vyote viwe majina: "Kitambaa kizito", "Rangi thabiti", "Pindo lililonyooka", "Maandishi yanayofaa". Kwa macho vinafanana, lakini visome kwa sauti. Lugha yetu hubadilisha viambishi kwa kufuata ngeli, kwa hiyo sikio linasikia ki-, kisha halisikii kitu, kisha li-, kisha ya-. Mdundo haujengeki. Ukitaka orodha ya Kiswahili ilingane, tafuta kitu kimoja kinachozungumziwa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha uache kitenzi kibebe uzito. Kitu changu ni leso yenyewe, na kiambishi chake ni i-. Vikatoka hivi:

Inyanyue kwenye mwanga. Ukiona uso wa muuzaji ng'ambo ya pili, kitambaa ni chepesi.

Isugue kwa tishu yenye maji. Ukiona tishu imeshika rangi nyingi, itachafua nguo nyingine kwenye beseni.

Igeuze upande wa nyuma. Ukiona maua yamefifia sana, rangi haikuzama.

Ikunje katikati. Ukiona pindo halikutani na pindo, imechapwa au kukatwa upande.

Isome jina. Ukiona neno ambalo usingemwambia usoni, usimpe.

Kila kichwa kinaanza na i- na kitenzi chake kinaishia -e. Chini ya kila kichwa kuna sentensi moja, na kila sentensi inaanza na "Ukiona". Baada ya slaidi mbili msomaji ameshashika mpango: kwanza fanya, kisha angalia. Hasomi tena umbo, anasoma habari tu.

Ulinganifu huu ulinisaidia pia kugundua kipengele kisichofaa. Mwanzo nilikuwa na cha sita, "Ichomoe uzi uuchome", kwa sababu uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali polista huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Habari ni ya kweli na watu wanaipenda. Lakini vitano vingine vyote mteja anaweza kuvifanya amesimama mbele ya kaunta, na hakuna muuzaji wa nguo atakayekuruhusu kuwasha kiberiti dukani mwake. Kipengele kikikataa kuingia kwenye umbo la wenzake, mara nyingi ni kwa sababu hakikuwa cha orodha hiyo. Nimekihifadhi kwa posti nyingine.

Kuhusu idadi, nasema machache. Instagram iliruhusu hadi slaidi 10 ilipoanza karuseli mwaka 2017, na tangu 2024 inaruhusu hadi 20. Nafasi hiyo ni ya albamu za harusi. Kwa orodha ya ushauri mimi sivuki 10, na hii ya leso ilitosha kwa saba.

Mpangilio wa vipengele nao si wa bahati. Nilivipanga kwa mfuatano wa mikono ya mnunuzi: unainua, unagusa, unageuza, unakunja, kisha unasoma. Halafu nikahesabu mizani. I-nya-nyu-e ni nne, i-su-gu-e nne, i-ge-u-ze nne, i-ku-nje tatu, i-so-me tatu. Maneno yanafupika kadiri unavyokaribia mwisho, na sikio linahisi kwamba mwisho umefika. Mombasa ni mji wa Muyaka bin Haji, na sisi tuliokulia kwenye mashairi tunajua ubeti unavyotayarisha kituo chake.

Kwa hiyo slaidi ya mwisho niliitunga kama kituo. Ile ya zamani ilisema "Asante kwa kusoma! Tupende, toa maoni, sambaza, tufuate", pamoja na nembo ya duka. Msomaji aliyefika hapo alistahili kitu, akapewa kazi nne. Mpya inasema:

"Inyanyue.
Isugue.
Igeuze.
Ikunje.
Isome.
Kisha mpe."

Mandhari ni nyeupe, maneno ni makubwa, na chini kabisa kuna ombi moja: "Hifadhi, uifungue ukiwa dukani." Slaidi hii inafanya kazi tatu. Inakusanya orodha yote mahali pamoja ili mtu aipige picha ya skrini. Inamrudisha mkwe wa slaidi ya kwanza bila kumtaja, maana "mpe" haina maana nyingine kwa aliyeanza nasi. Na inavunja umbo mara moja tu, mahali sahihi: baada ya i- tano, sikio linapata neno lisiloanza na i-, na jambo linafungwa. Kama ningevunja umbo mapema, kwa mfano kwenye kipengele cha tatu, pasingebaki cha kuvunja hapa. Ombi nalo limetokana na habari yenyewe. Mtu anahifadhi kwa sababu kweli ataihitaji akiwa dukani.

Kosa moja la kiufundi lilinigharimu usiku mzima. Slaidi ya kwanza niliitengeneza pikseli 1080 kwa 1350, zilizobaki nikazitoa kwenye kiolezo cha zamani cha mraba. Karuseli yote hufuata umbo la slaidi ya kwanza, kwa hiyo zile za mraba zilikatwa pembeni, na "Inyanyue" ikabaki "nyanyu". Tengeneza zote kwa kipimo kimoja. Tena, tangu 2025 vijipicha vya ukurasa wako vimekuwa vya 3 kwa 4, vyembamba kidogo kuliko slaidi ya 1080 kwa 1350, hivyo kila upande hupoteza pikseli kama 34. Mimi huacha 80 kila upande bila maandishi.

Jambo moja sikuliweka kwenye slaidi, nikaliandika kwenye maelezo chini ya posti: leso mpya nyekundu au nyeusi huacha rangi kidogo kwenye tishu hata ikiwa nzuri. Tahadhari za namna hiyo zinahitaji sentensi ndefu, na zikiingia kwenye slaidi moja zinaharibu urefu wa zote.

Wiki iliyofuata nilikuwa dukani alipoingia mama mmoja, simu wazi mkononi. Akachukua leso ya kijani, akainyanyua kwenye mlango penye mwanga. Akaomba maji kidogo ya tishu. Akaigeuza, akaikunja, ami akimtazama bila kusema neno. Mwisho akaitandaza juu ya kaunta, akasoma jina kwa sauti, akacheka. "Hii nitachukua yangu mwenyewe," akamwambia ami. "Ya mama mkwe nitafutie ile ya Wema Hauozi."