Panapouma pasiwekwe sponji: yaliyonikuta chini ya kidole gumba cha mguu

Kwa wiki kama saba nilikuwa najiwekea kijisponji cha jeli ndani ya kiatu, pale pale panaponiuma, na kila wiki maumivu yalizidi. Naandika kwa sababu wiki hii mwenzangu wa klabu ya joging amenionesha kiatu chake, nikakuta kaweka vile vile nilivyoweka mimi.

Maumivu yangu yalikuwa mguu wa kulia, chini, kwenye ile nundu ya unyayo nyuma ya kidole gumba. Si kwenye kidole chenyewe. Yalianza taratibu. Klabu yetu iko Temeke, Jumapili tunatoka alfajiri, tunaimba, lami tupu mpaka Uwanja wa Mkapa na kurudi. Mwezi ule nilikuwa nimejiongezea kuruka kamba kila jioni, mara 500, uani kwenye sakafu ya saruji, na raba zangu soli ilikuwa imekwisha kiasi kwamba nikikanyaga kokoto naisikia. Mwanzo nilisikia kama nimekanyaga harage lililoingia kiatuni. Baada ya wiki mbili harage likawa msumari, hasa ninapoinua kisigino ili nipige hatua.

Zahanati ya kwanza niliyokwenda niliambiwa ni gauti, nikapewa vidonge, bila mtu kunishika mguu. Gauti ya kidole gumba kwa kawaida huja ghafla, mara nyingi usiku. Kiungo kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto, hata shuka likigusa unalia. Mimi sikuwa na lolote katika hayo. Aliyenitambua ni dada mmoja wa fiziotherapia. Alikandamiza kwa kidole gumba chake mpaka akapata kitone kimoja kilichonifanya niruke, akakiwekea alama ya kalamu. Kisha akakikunja kidole changu kuelekea juu, akakandamiza tena. Pale kwenye kalamu hapakuuma tena. Maumivu yalikuwa yamesogea mbele kidogo, kuelekea kidoleni. Akasema, "Kinachouma kinatembea na kidole. Ni vifupa vya sesamoidi."

Ni vifupa viwili, kila kimoja kinalingana na punje ya mahindi au kuzidi kidogo, vimekaa ubavu kwa ubavu ndani ya kano inayokunja kidole gumba. Kazi yao inafanana na ya pia ya goti: kano ikipita juu ya mfupa inavuta kwa nguvu zaidi. Lakini pia ya goti haikanyagwi. Hivi vinakanyagwa. Kila unapoinua kisigino kupiga hatua, kidole kinakunjwa juu, kano inakaza, na uzito wako unashuka juu ya vifupa hivyo wakati huo huo. Cha upande wa ndani wa mguu hubeba zaidi, na ndicho kilichokuwa kinaniuma. Ukivisukuma kupita kiasi, kifupa na nyama inayokizunguka vinawaka, na haviwezi kutulia kama kila siku unavirudia kwa hatua elfu kadhaa.

Sasa turudi kwenye sponji. Ukiweka kitu laini chini ya kifupa kinachouma, pale ndipo panakuwa mahali pa juu kuliko pote ndani ya kiatu. Umekiinua kifupa kikapokee uzito wa kwanza. Inavyotakiwa ni kinyume: pale panapouma pabaki shimo, na pembeni na nyuma yake pawe panene, ili mifupa mingine ya unyayo ibebe mzigo. Umbo lake ni kama chuma cha kwato ya farasi, au herufi U, mdomo wake ukielekea vidoleni. Kifupa kinakaa katikati ya U, hakigusi kitu.

Pedi za felti za kazi hii zipo, unene wa milimita 6 hivi, karibu na unene wa penseli. Sikuzipata madukani nilipouliza, basi nikaenda kwa fundi viatu wangu na kandambili kuukuu. Sponji ya kandambili inafaa sana kwa sababu haibonyei hovyo. Ile jeli ya mwanzo ilikuwa inalala kama uji. Fundi aliishika soli, akaniuliza, "Panauma wapi, mama?" Nikamwonesha. "Basi tuweke hapa nene." Nikamwambia hapana fundi, hapo ndipo pasiwe na kitu. Akanitazama, akaweka kisu chini, ikabidi nimweleze habari ya kifupa mpaka akaridhika. Baada ya hapo alifanya kazi nzuri kuliko nilivyomwelekeza.

Jambo gumu ni kupata mahali penyewe, kwa sababu ukikosea kwa upana wa kidole, ukingo wa sponji ndio utakaokaa chini ya kifupa. Tulifanya hivi. Nilitafuta kitone kwa kukandamiza, nikakipaka rangi ya mdomo. Nikaitia soli ya ndani kwenye kiatu, nikavaa bila soksi, nikasimama wima na kupiga hatua moja. Nilipoitoa soli, alama nyekundu ilikuwa juu yake. Fundi akaitoboa kwa sindano hapo hapo ili tundu litokee upande wa pili, maana sponji inabandikwa chini ya soli ya ndani, si juu, mguu usisugulike. Usiruke hatua hiyo ya sindano. Ukiigeuza soli, kulia kunakuwa kushoto. Fundi alikuwa ameshapaka gundi upande usio wake kabla hatujagundua.

Akaikata kandambili, akaikwangua mpaka ikabaki kama milimita 6, akachonga U ambayo nafasi yake ya ndani ni pana kidogo kuliko sarafu, na kingo zote akazilaza kwa kisu ili zisiwe ngazi. Nilipovaa, ishara ya kwanza kwamba imekaa ni kwamba nilisimama nisisikie ile nundu ikigusa chini. Ukisikia inachoma zaidi, ivue siku hiyo hiyo uisogeze nyuma. Ukisikia vidole vya katikati vinaanza kuuma, ni nene mno. Na kama kiatu kinakubana juu baada ya kuweka, tafuta kiatu chenye nafasi, kwa sababu kubanwa kunakisukuma kifupa chini tena.

Kiatu chenyewe nacho kina kazi yake. Nilikwenda mitumba Karume, na kila raba niliyoshika niliikunja: mkono mmoja kisigino, mwingine ncha. Inayokunjika kama chapati haifai, kwa sababu kidole kitakunjika nayo. Nilichukua yenye soli ngumu inayopinda juu kidogo mbele, ambayo mguu unabingirika badala ya kujikunja. Viatu vya kisigino kirefu niliviweka kabatini kabisa. Nyumbani niliacha kutembea peku kwenye vigae, na hili nadhani lilinisaidia nusu nzima, kwa kuwa sponji iliyo ndani ya raba haikusaidii ukiwa jikoni bila viatu.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna mtu anayekuambia kwa sababu si mazoezi. Nilipoacha joging na kamba, maumivu yalipungua kidogo yakasimama palepale. Yule dada akaniomba nimwoneshe siku yangu nzima. Nikachuchumaa kama ninavyofua: visigino juu, uzito wote kwenye vidole, nusu saa. Akatikisa kichwa. Kisha nikamwonesha ninavyokaa baina ya sijda mbili: unyayo wa kulia umesimama, vidole vimekunjwa kuelekea kibla. Katika swala zote tano za siku nilikuwa nakikunja kidole kile kile mpaka mwisho wake na kukikalia. Nilimuuliza ustadhi wetu, akanijibu kwamba mwenye udhuru akae anavyoweza, basi nikaulaza mguu ubavuni. Kufua nikahamia kwenye kigoda. Ndani ya siku kumi nilishuka ngazi za nyumba ya dada yangu bila kushika ukuta.

Mazoezi sikuyaacha yote. Niliazima baiskeli, nikakanyaga pedali kwa katikati ya unyayo na si kwa nundu ya mbele. Anayeweza kuogelea aogelee, ila asijisukume ukutani kwa vidole. Kutembea ufukweni Coco peku nakushauri uache kwanza: mchanga laini unakufanya uuchimbe kwa vidole kila hatua. Barafu niliisugua chini ya unyayo dakika 10 jioni, ikiwa kwenye chupa ndogo ya maji na kitambaa kati. Inatuliza, lakini haitibu kama bado unachuchumaa.

Kurudi kukimbia nilisubiri wiki nane. Kipimo changu kilikuwa kuinuka kwa ncha za miguu yote miwili mara 10 bila maumivu. Nilipofaulu, nilianza dakika 1 ya kukimbia na dakika 4 za kutembea, mara tano, siku moja nafanya na inayofuata napumzika. Kanuni ilikuwa asubuhi ya kesho yake: nikiamka na ile nundu imetulia, naongeza dakika, ikiuma ninapokanyaga hatua za kwanza, narudi nyuma wiki moja. Nilirudi nyuma mara mbili.

Usijifanyie haya yote bila kupimwa kama maumivu yalianza ghafla kwa kishindo, ulipotua au ulipojikwaa, na mguu umevimba hukanyagi. Hapo kifupa kinaweza kuwa kimevunjika, na mara nyingi utahitaji kiatu kigumu cha hospitali kwa wiki kadhaa. Ila ujue pia kuna watu waliozaliwa na kifupa chenye vipande viwili, na kwenye eksirei kinaonekana kama kimevunjika. Kingo za vipande vya kuzaliwa ni laini na za mviringo, za kuvunjika ni kali. Mwombe daktari akulinganishie na mguu wa pili. Kama wiki sita za kupunguza uzito hazijabadilisha kitu, rudi hospitali. Na mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepungua hisia asibandike chochote kiatuni kabla ya kuonwa na daktari, maana sponji ikimchubua hatasikia.

Sasa nakimbia Jumapili na klabu, nusu ya njia, kamba sijairudia. Fundi ameweka kigezo cha U yangu kwenye kipande cha boksi, jina langu juu yake, kwa sababu sponji inalala. Kila baada ya miezi mitatu hivi naitoa soli, naibana kwa vidole viwili, na nikiona imebaki nyembamba kama kadi nampelekea kandambili nyingine.