Kibati cha mota kimeshasema, wewe unauliza breka

"Mkuu, nina mota ya hospawa 3, niweke breka ya ampia ngapi isiungue?" – Morogoro

Hakuna breka ya kuizuia isiungue. Breka inalinda waya, na inakata shoti. Mota ya fezi tatu ikiwashwa hunyonya mara sita hata saba ya ampia zake kwa muda mfupi, kwa hiyo lazima uweke breka inayovumilia mshtuko huo. Breka ya namna hiyo itaiacha mota iungue taratibu na yenyewe isistuke. Kazi ya kukinga mota ni ya ovalodi, kifaa unachokiseti kwa ampia za mota ili isimame zikizidi. Swali hili linakuja kila mara, na kila mara halina hata namba moja ya kibati, kile kilichobandikwa kwenye mota. Fezi moja au tatu? Ampia ngapi? Hospawa peke yake haitoshi, msinitumie tena.

"Nimenunua randa iliyotumika. Kibati: 2.2 kW, 230/400 V Δ/Y, 8.1/4.7 A, 50 Hz, 1430 r/min, cos φ 0.81, S1. Dukani kuna ovalodi ya ampia 4–6 na ya 7–10. Nichukue ipi?" – Iringa

Ya 4–6, uiseti kwenye 4.7. Huyu kaandika kibati kizima, na ndiyo maana anajibiwa kwa kirefu.

Namba zenye mkwaju katikati husomwa kwa upande mmoja. Kushoto: volti 230, delta yaani Δ, ampia 8.1. Kulia: volti 400, staa yaani Y, ampia 4.7. Umeme wetu wa fezi tatu una volti 400 kati ya fezi na fezi, kwa hiyo upande wako ni wa kulia, na ile 8.1 haikuhusu. Wengi huona namba kubwa wakachukua ovalodi ya 7–10, halafu wanashangaa mota imetoa moshi na ovalodi imetulia.

Kabla ya kuwasha, zima umeme kwenye breka, hakikisha kwa tesa kwamba hakuna moto, kisha fungua kisanduku cha mota. Ukikuta vibati vya shaba vimelala safu moja na kuunganisha ncha tatu pamoja, na waya za umeme zimefungwa kwenye U1, V1 na W1, hiyo ni staa na ndiyo unayoitaka. Vikiwa vimesimama wima viwiliviwili, hiyo ni delta: koili iliyosukwa kwa volti 230 itapewa 400, na haitachukua muda kuungua. Ila usikariri kwamba delta ni mbaya. Kibati kikisoma 400/690 V Δ/Y, hapo delta ndiyo sahihi kwa umeme wetu, na ukifunga staa mota itazunguka vizuri tupu, halafu ikipewa mbao inachoka.

S1 maana yake inaruhusiwa kubeba mzigo kamili mfululizo. Mashine nyingi za mbao zina S6 40%, yaani katika kila dakika kumi, nne za mzigo na sita za kuzunguka tupu. Mwenye kibati hicho asiifanyishe kazi ya S1.

"Nimegawa 2200 kwa 400 na 1.73 nikapata ampia 3.2. Nimeseti hapo lakini inakata nikianza kuranda. Kosa liko wapi?" – Njombe

Kilowati za kwenye kibati ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia. Umesahau cos φ na joto linalopotea ndani ya mota. Mtengenezaji ameshakupigia hesabu, akaandika ampia. Seti hiyo.

"Fundi alifunga kontakta na ovalodi mpya, nikaiseti sawasawa na kibati, na bado mota imeungua. Ovalodi feki?" – Mwanza

Inawezekana, lakini kabla ya kulaumu duka angalia waya mbili nyembamba. Ovalodi haikati umeme wa mota yenyewe. Ikipata joto, kinachofunguka ni swichi ndogo yenye namba 95 na 96, na swichi hiyo inatakiwa iwe njiani kwenye waya wa koili ya kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota. Koili ikikosa umeme, kontakta inaachia, na mota inasimama. Mafundi wengi hufunga nyaya nene tatu, wanaona mashine inazunguka, wanachukua hela na kuondoka, huku 95–96 ikiwa haina waya hata mmoja. Wengine hufunga 97–98, ambayo ni ya taa ya tahadhari.

Kupima ni rahisi. Mashine ikizunguka bila mbao, bonyeza kitufe cha majaribio kwenye ovalodi. Mota isiposimama papo hapo, ovalodi yako ni pambo. Fanya hivyo fundi akiwa bado yupo, kabla hujamlipa.

"Randa ya 4.7 A inakata baada ya dakika kama ishirini za mbao ngumu. Fundi ameipandisha hadi 6 na sasa haikati. Ni sawa?" – Mafinga

Si sawa, ameinyamazisha. Kwa kawaida ya kiwango cha IEC, ovalodi hailazimiki kukata mpaka umeme uzidi asilimia 20 juu ya ulichoseti, na hapo pia inaweza kuchukua hadi saa mbili. Ukiseti 6, inaweza kuvumilia karibu ampia 7.2 kwenye mota ya 4.7. Joto la koili huenda kwa mraba wa umeme, kwa hiyo ni zaidi ya mara mbili ya joto lililokusudiwa.

Irudishe 4.7, azima klampu mita, upime waya mmoja mmoja mashine ikiwa inaranda. Zote tatu zikilingana na kuzidi 4.7, tatizo ni mzigo: visu butu, unakula mbao nene kwa mkupuo mmoja, mkanda umebana mno au beringi imekufa. Pima na volti pia, maana zikishuka sana mota hunyonya ampia zaidi kwa kazi ileile. Waya mmoja ukisoma tofauti na wenzake, tafuta skrubu iliyolegea au kontakta iliyoungua midomo. Mmoja ukisoma sifuri na mota inanguruma, fezi imekatika: zima mara moja, kwa sababu mbili zilizobaki hupanda kuelekea ampia 8. Zote zikiwa chini ya 4.7 na bado inakata, kaza skrubu za ovalodi yenyewe, na uondoe boksi juani.

"Mota yangu ni ya fezi moja, ovalodi ina njia tatu. Nitumie njia moja tu?" – Kigamboni

Hapana. Nyingi huhesabu njia tupu kama fezi iliyokatika, zikakata mapema. Pitisha moto njia ya kwanza, urudishe juu ya pili, kisha ya tatu, ndipo uende kwenye mota.

"Kile kitufe cha bluu cha ovalodi kina H na A. A ni ya nini?" – Tanga

A inajirudisha yenyewe ikipoa, H unairudisha kwa mkono. Kwenye randa, msumeno au grainda weka H. Mashine inayowashwa kwa swichi ya kugeuza, si kwa vitufe vya kuwasha na kuzima, ikiwa kwenye A itawaka yenyewe dakika chache baada ya kukata, na saa hizo ndizo wewe umeingiza mkono kutoa mbao iliyokwama.