Kibodi iliyomwagikiwa chai ya maziwa

"Nimemwagia chai kibodi ya mezani. Nimeianika siku nzima lakini herufi kadhaa bado zinanata na nyingine haziandiki. Nipeleke kwa fundi?"

Salaam ndugu. Kuanika peke yake hakutoshi, kwa sababu maji huondoka lakini sukari na maziwa hubaki ndani. Chomoa waya, piga picha ya mpangilio wa herufi, kisha fungua skrubu za chini; nyingine huwa imejificha chini ya stika. Ndani utakuta karatasi za plastiki zenye mistari ya umeme, na hizo ndizo za kuangalia kwanza. Yangu ilikuwa na chai katikati ya karatasi hizo. Nilizifuta taratibu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha kwa spiriti. Vitufe niliviosha kwa sabuni, nikaacha kila kitu mbele ya feni siku mbili. Usianike kwenye jua kali, plastiki itajikunja.

Ukiona mstari umekuwa mweusi au umekatika, herufi zote zinazoutegemea hufa pamoja na kusafisha hakutazirudisha. Hapo nunua mpya, maana kibodi ya kawaida ya waya mara nyingi ni nafuu kuliko ujira wa fundi.